Mstari Uliobaki Mtupu: Jinsi Taarifa za Jioni Zinavyochambuliwa kwa Daftari na Simu

Simulizi ifuatayo imetungwa kwa ajili ya mafunzo, na wahusika wake hawakupewa majina. Hatua zinazoelezwa ndani yake, hata hivyo, ndizo hatua za kazi yenyewe, na mkazi wa Shanwe anayezielewa atajua kwa nini mjitolea wa mtaa wake huuliza maswali yaleyale kila anapobisha hodi.

Tarehe 31 Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kitaifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, yaani watu wanaoishi miongoni mwa wakazi, wanaopita nyumba kwa nyumba na kuziunganisha kaya na zahanati. Mhudumu mmoja hawezi kufika kila nyumba kila siku. Kwa hiyo mhudumu wa simulizi hii ana wajitolea wanane, kila mmoja akiwa na kipande chake cha makazi. Kila siku, kabla ya saa 12 jioni, kila mjitolea humtumia ujumbe mfupi wa simu kueleza alichokiona. Dharura haisubiri jioni: hiyo hupigiwa simu papo hapo.

Vifaa vyake ni vichache. Ana simu ndogo ya vitufe, ile ambayo watu huiita kitochi, ana kalamu mbili, na ana daftari la kaunta alilolipiga mistari kwa rula. Daftari lina safu saba: nani ametuma, ujumbe umefika lini, dalili zilianza siku gani, mahali, umri na jinsi ya mgonjwa, dalili zenyewe, na mwisho uamuzi uliochukuliwa. Jina la mgonjwa halimo. Ujumbe wa simu huweza kusomwa na yeyote anayeshika simu, na habari za ugonjwa wa mtu si za kuzagaa mtaani. Mjitolea anaijua nyumba, na hilo linatosha.

Jioni ya Jumanne

Ilikuwa mwezi Januari, mvua zikiwa zimekolea. Saa 12 na nusu jioni mhudumu aliketi barazani na kuifungua simu. Palikuwa na ujumbe tisa.

Wa kwanza ulisema: "Mtoto miaka 4 anahara maji toka jana, mara 6. Karibu na kisima cha mwembe." Wa pili ulitoka kwa mjitolea mwingine: "Mtoto wa kiume anahara sana na kutapika. Nyumba ya bati jekundu njia ya kisimani." Mjitolea wa tatu alikuwa na ujumbe mbili: "Mama miaka 30 anahara maji tangu leo asubuhi, anachota kisima cha mwembe," na mwingine, "Babu miaka 70 alihara siku 4 zilizopita, amepona. Kisima hichohicho." Wa nne alituma neno moja: "Hakuna." Wa tano aliandika: "Watoto 2 nyumba moja, homa na vipele. Mwaka 1 na miaka 3." Wa sita naye alikuwa na ujumbe mbili: "Baba miaka 55 kikohozi wiki 3," na "Mjamzito miezi 8, kichwa kinamuuma sana tangu mchana, miguu imevimba." Wa saba aliandika: "Hakuna."

Mjitolea wa nane hakutuma chochote.

Kusoma kwanza, kuandika baadaye

Mtu asiye mzoefu angeanza kunakili ujumbe wa kwanza, kisha wa pili, hadi wa mwisho. Mhudumu hafanyi hivyo. Husoma ujumbe wote mara moja bila kuandika neno, akitafuta kimoja tu: ni nani ambaye usiku huu hautampita salama akibaki nyumbani? Ujumbe hupangwa kwa saa uliyofika, wala hauna habari na uzito wa jambo. Ule wa mjamzito ulikuwa wa nane katika orodha. Kunakili kwa utulivu hadi kuufikia kungechukua zaidi ya nusu saa.

Kwa hiyo alimpigia kwanza mjitolea wa sita. "Mwanangu, huyo mjamzito, macho yake yanaona vizuri?" Akajibiwa, "Shikamoo mama. Anasema anaona kama ukungu." Hapo hapakuwa na la kujadili. Miguu kuvimba peke yake huwapata wajawazito wengi, lakini kichwa kuuma sana pamoja na kuona ukungu ni dalili ya hatari, kwani huenda shinikizo la damu limepanda na kifafa cha mimba kinakaribia. Shinikizo la damu halipimwi kwa ujumbe. Hupimwa kwa kifaa, kwenye kituo. Bodaboda ilitafutwa, mama mkwe akafuatana naye, na mganga mfawidhi akapigiwa simu ajue kwamba mgonjwa yuko njiani.

Baada ya hapo mhudumu aliugawa ujumbe uliosalia katika mafungu matatu. La kwanza ni la sasa: watoto na watu wazima wanaohara maji, hasa anayetapika. La pili ni la usiku huu kwa simu na kesho asubuhi kwa miguu: watoto wenye homa na vipele. Dalili hizo huweza kuwa za surua, nayo hutolewa taarifa siku ileile. Aliuliza kama watoto wananyonya na kunywa, na kama wanapumua bila shida. Alipojibiwa ndiyo, aliagiza wasichanganyike na watoto wengine, na kadi zao za chanjo zitafutwe ili ionekane kama walichanjwa surua na rubela walipotimiza miezi 9, na yule mkubwa tena kwenye miezi 18. Fungu la tatu ni la kesho: baba mwenye kikohozi. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinahitaji kupimwa makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, lakini usiku mmoja haubadilishi hali yake.

Ujumbe mbili, mtoto mmoja

Sasa ndipo kalamu iliposhikwa. Ujumbe wa kuhara maji ulikuwa minne, na mwenye haraka angeandika "wagonjwa wanne" na kupeleka habari hiyo juu. Mhudumu aliutazama tena ule wa kwanza na wa pili. Wajitolea wale wawili wamepakana, na mpaka wao ni njia ya kisimani. Mmoja alitaja umri bila jinsi, mwingine alitaja jinsi bila umri. Mmoja alitaja kisima, mwingine bati jekundu.

Alimpigia wa kwanza. "Nyumba ya huyo mtoto ina bati la rangi gani?"

"Jekundu, mama. Iko pale njia inapokata kwenda kisimani."

"Ni wa kiume?"

"Wa kiume. Na sasa ametapika."

Alikuwa mtoto mmoja aliyeonwa na watu wawili kwa saa tofauti. Mhudumu hakuufuta ujumbe wa pili. Aliandika mstari mmoja tu, na katika safu ya mtumaji akaweka namba za wajitolea wote wawili. Kuhesabu mara mbili kunadhuru namna mbili: leo kunaleta hofu isiyo na sababu, na mara ya tatu kinapogundulika, kituo huanza kuzitilia shaka hesabu zote za mhudumu, hata zile zilizo sahihi.

Kuna kosa kinyume cha hilo, nalo ni baya zaidi: kuwafanya wagonjwa wawili kuwa mmoja kwa sababu wanafanana. Watoto wawili wa miaka 4 katika nyumba mbili za jirani si jambo la ajabu. Ndiyo maana mhudumu haunganishi mistari kwa kukisia. Hupiga simu, na mambo matatu yasipolingana, yaani umri, jinsi na nyumba, mistari hubaki miwili.

Siku ya kuugua si siku ya ujumbe

Wagonjwa wa kuhara maji walibaki watatu: mtoto, mama na babu. Wote walifika kwenye simu Jumanne. Lau daftari lingekuwa na safu ya siku ya ujumbe peke yake, lingeonyesha watu watatu walioharisha siku moja, na mtu angeweza kudhani walikula chakula kibovu kwenye shughuli moja. Lakini katika safu ya siku dalili zilipoanza, picha ilikuwa nyingine. Babu alianza Ijumaa. Mtoto alianza Jumatatu. Mama alianza Jumanne asubuhi. Nyumba ni tatu, siku ni tofauti, na kisima ni kimoja.

Habari ya babu ilikaribia kupotea. Mjitolea alikuwa ameiacha tangu Ijumaa kwa sababu mzee alipona, na akaona hakuna sababu ya kutaja ugonjwa uliokwisha. Ni kosa la kawaida, na chanzo chake ni kudhani kwamba taarifa hutolewa ili mgonjwa atibiwe tu. Taarifa hutolewa pia ili njia ya ugonjwa ionekane. Aliyepona ndiye aliyeonyesha kwamba jambo halikuanza jana.

Katika safu ya dalili mhudumu aliandika "kuhara maji, mara 6 kwa siku, kutapika." Hakuandika jina la ugonjwa wowote. Watu walikwisha kuanza kulitaja neno kipindupindu, lakini kipindupindu huthibitishwa na maabara kwa sampuli ya kinyesi, na kuhara maji kuna sababu nyingi. Kisima nacho hakikuandikwa kuwa na hatia. Kiliandikwa kama mahali ambapo wagonjwa wote wanachota maji. Wanaweza kuwa wanashirikiana na kitu kingine pia, kama vile muuza vyakula mmoja, na kazi ya kuchunguza hilo ni ya afisa afya.

Ukimya wa mjitolea wa nane

Daftari lina mistari minane ya wajitolea kila jioni, iwe kuna habari au hakuna. Anayeandika "Hakuna" huwekewa sifuri. Asiyetuma huachiwa nafasi tupu. Sifuri na nafasi tupu ni vitu viwili tofauti kabisa: sifuri ina maana kwamba mtu alipita, akatazama, akakuta salama, nafasi tupu ina maana kwamba hakuna anayejua.

Funzo hili lilijaribiwa nchini kwa upana katika mwaka 2009 na 2010, katika mradi uliotumia ujumbe wa simu kufuatilia akiba ya dawa za malaria katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga. Vituo 129 viliulizwa kila wiki vimebakiwa na dawa kiasi gani. Kituo kilichojibu kwa wakati kilipata salio la simu, na kile kilichonyamaza kilikumbushwa siku iliyofuata; ukimya haukuhesabiwa kuwa dawa zipo. Wiki ya kwanza vituo 78 kati ya kila 100 vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Kufikia wiki ya 21 vilikuwa 26 kati ya kila 100. Simu haikuzalisha dawa. Ilionyesha ni wapi pa kuzipeleka.

Mhudumu wa Shanwe alipiga namba ya mjitolea wa nane. Haikupatikana. Angeweza kungoja asubuhi, kwani simu kuisha chaji si jambo geni. Lakini aliangalia mahali: kipande cha mjitolea huyo ndicho kilichokuwa upande wa pili wa kisima cha mwembe. Akampigia mjumbe wa nyumba kumi wa eneo lile.

"Shikamoo baba. Samahani kwa usiku huu. Binti yetu wa taarifa hapatikani. Naomba unisaidie kumfikia."

"Marahaba mwanangu. Ngoja nichukue tochi."

Baada ya robo saa mzee alipiga. Mjitolea alikuwa nyumbani, na simu yake ilikuwa imezimika tangu mchana. Mtoto wake wa miaka miwili alikuwa mapajani, anahara maji tangu asubuhi. Mhudumu aliomba azungumze naye kwa simu ya mzee, akamuuliza maswali ya haraka. Mtoto analia machozi? Hapana. Macho yameingia ndani? Ndiyo. Ngozi ya tumbo ukiifinya na kuiachia, inarudi mara moja? Inarudi polepole. Akipewa maji anayapokea? Anayaacha yatoke mdomoni.

Mtoto aliyelegea, mwenye macho yaliyozama, asiyeweza kunywa, amepungukiwa maji kwa kiasi ambacho kikombe hakitoshi. Anahitaji maji ya mshipani, kituoni, usiku huohuo. Mjumbe alitafuta bajaji. Mama aliambiwa aendelee kumpa maji ya chumvichumvi kwa kijiko njiani iwapo tu mtoto anameza, na asimlazimishe. Aliulizwa pia amechanganyaje. Alikuwa ametia pakiti moja katika kikombe kimoja akidhani itakuwa na nguvu zaidi. Pakiti iliyoandikwa lita moja huchanganywa na lita moja kamili ya maji safi na salama. Ikizidi ukali, chumvi nyingi humdhuru mtoto.

"Mbona hukunipigia mwanangu?" mhudumu aliuliza.

"Niliona aibu, mama. Nitume habari za wengine, au za mwanangu mwenyewe?"

Mstari wa nane ukajazwa. Nyumba zikawa nne.

Kinachopelekwa juu

Saa 3 usiku mhudumu alimpigia mganga mfawidhi na afisa afya, akawasomea kutoka kwenye daftari: "Kuhara maji, watu wanne, nyumba nne, wote wanachota kisima cha mwembe. Wa kwanza alianza Ijumaa, wa pili Jumatatu, wawili leo. Umri miaka 70, 4, 30 na 2. Mmoja amepona, mmoja yuko njiani kuja kituoni akiwa hoi, wawili wanakunywa na wataletwa usiku huu." Kisha akaongeza watoto wawili wenye homa na vipele. Maelezo hayo hayakufika dakika mbili. Aliyeyasikia alijua atume nani, wapi, na achukue sampuli kwa nani.

Kazi ilibaki mbili. Ya kwanza ni kumjibu kila mjitolea: "Nimepata," na kwa wenye wagonjwa, uamuzi uliofikiwa. Mjitolea asiyejibiwa hudhani ujumbe haukufika, akautuma tena, na kesho yake kuna mistari ya ziada ya kuchambua. Au huchoka, akaacha kutuma. Ya pili ni kuufuta ujumbe ulionakiliwa. Simu ndogo ina nafasi chache. Ikijaa, ujumbe mpya hauingii hadi mwingine ufutwe, na mwenye simu hudhani kwamba watu wamenyamaza. Hufuta baada ya kuweka alama ya vema mbele ya mstari wa daftari, kamwe si kabla yake.

Asubuhi afisa afya alifika kisimani. Wakazi walielekezwa kuchemsha maji ya kunywa au kuyatia dawa, na uchunguzi ukaanza kwa sampuli zilizochukuliwa kutoka kwa wagonjwa. Mjamzito alikutwa na shinikizo la damu la juu, akalazwa. Mtoto wa mjitolea aliwekewa maji, na siku ya tatu alirudi nyumbani akiwa mgongoni mwa mama yake.

Mambo matano kwa mtoa taarifa

Simulizi hii inaacha kanuni chache zinazotosha kwa ujumbe mmoja. Taja umri na jinsi. Taja dalili, usitaje jina la ugonjwa. Taja siku dalili zilipoanza, hata kama mgonjwa amepona. Taja mahali kwa alama isiyohama, kama kisima, mwembe au rangi ya bati. Usitaje jina la mgonjwa. Mfano wa ujumbe uliokamilika ni huu: "Ke miaka 30, kuhara maji mara 5, tangu leo asubuhi, nyumba ya pili baada ya kisima cha mwembe, anakunywa." Kama hakuna mgonjwa, andika "Hakuna." Kama mgonjwa ni wa nyumba yako, mwandike kama wengine wote.

Mkazi asiye mjitolea naye ana sehemu yake. Akiona watu wawili au zaidi wa nyumba tofauti wanahara maji, au mtoto aliyelegea ghafla mkono au mguu, au homa yenye vipele, amweleze mjitolea au mwenyekiti wa mtaa siku hiyohiyo. Kwa ushauri wa afya anaweza pia kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo.

Jioni ya Jumatano daftari lilifunguliwa ukurasa mpya, na mistari minane ikapigwa kwa rula kabla ya ujumbe wa kwanza kuingia. Mstari wa nane ulijazwa saa 11 na dakika 40, kwa simu ya kuazima, kutoka wodini.